"Baada ya kukagua": nani anayekagua?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa manunuzi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nilimwandikia muuzaji wetu wa Nairobi barua pepe yenye sentensi hii: "Baada ya kukagua mabati, salio la asilimia 60 litatumwa ndani ya siku saba." Yeye aliyakagua kwake kabla ya kupakia, akahesabu siku zake saba, na sasa anadai pesa wakati lori bado limekwama mpakani Isebania. Bosi anasema sentensi yangu ndiyo iliyotuponza. Nimeisoma mara kumi, sioni kosa la sarufi. Liko wapi?*

Marahaba, dada. Ukitafuta kosa la upatanisho hutaliona, kwa sababu halipo. "Salio" limepatana na "litatumwa", na nukta iko mahali pake. Tatizo liko kwenye neno la tatu, "kukagua", na linaongezwa nguvu na "litatumwa" lililokuja baadaye.

Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hutembea na mwenyewe. Ukisema "tunakagua", "mnakagua" au "wanakagua", silabi ya kwanza tu imeshamaliza habari ya nani. Tumezoea kubebewa kazi hiyo na viambishi tangu utotoni, kiasi kwamba hatugundui vinapokosekana. Kitenzi kikiingia kwenye "ku-", kiambishi cha nafsi hudondoka. "Kukagua" si kwangu wala si kwako. Kirai kizima, "baada ya kukagua mabati", kinabaki kikining'inia na kutafuta mtu wa kukishika.

Msomaji akikutana na kirai cha namna hiyo mwanzoni mwa sentensi, humtafuta mtendaji kwenye kiima cha sentensi kuu. Angalia tofauti. Kama ungeandika "Baada ya kukagua mabati, tutatuma salio", ile "tu-" ya "tutatuma" ingekidaka kirai chako. Muuzaji angeelewa kwamba anayetuma ndiye anayekagua. Lakini wewe ulitumia kauli ya kutendwa, na kiima chako kikawa "salio". Kwa sarufi tupu, umemwambia muuzaji kwamba salio litakagua mabati kisha lijitume. Hakuna anayesoma hivyo, bila shaka. Akili ya msomaji inakataa upuuzi huo na kujaza pengo yenyewe. Hapo ndipo pesa zenu zilipoingia matatani, maana kila mtu hujaza pengo kwa kuangalia kazi anayoifanya yeye.

Nakuomba usimwone muuzaji wako mjanja. Kwa mtu anayeuza mabati, kukagua ni jambo la kila siku, na hulifanya kabla ya kupakia: anahesabu idadi, anapima geji, anatazama kama rangi imechubuka au kingo zimebonyea. Aliposoma "baada ya kukagua mabati" aliona kazi yake ya kawaida. Wewe uliyekaa Mwanza uliona kazi yako ya kawaida, ya kufungua lori na kuhesabu upya. Sentensi moja ilibeba mikataba miwili, na kila mmoja wenu alisaini wa kwake kwa moyo safi.

Wengi nikiwaonyesha hili hukimbilia kusahihisha hivi: "Baada ya mabati kukaguliwa, salio litatumwa." Wanaona wametulia, kwa kuwa sasa salio halikagui tena chochote. Kweli kirai hakining'inii tena, kwa sababu kimepata kiima chake, "mabati". Lakini swali lenu, la nani anakagua, limebaki pale pale. Kutendwa mara mbili kumeficha watendaji wawili badala ya mmoja. Usahihi wa sarufi hapa umeongezeka na maana haijasogea hata inchi.

Dawa ni kukirudishia kitenzi kiambishi chake. Kiswahili kina njia nyepesi za kufanya hivyo, na hazipunguzi heshima ya barua. Unaweza kuweka kiwakilishi mbele ya "ku-": "baada ya sisi kukagua". Unaweza kutumia "-po-": "tutakapoyakagua". Mimi hupenda zaidi "-kisha-", kwa sababu inabeba nani na pia inaonyesha kwamba kazi imekamilika: "tukishayakagua". Sentensi yako ingekuwa hivi:

"Mabati yakishafika ghalani kwetu Mwanza nasi tukishayakagua, tutawatumia salio la asilimia 60."

Nimeacha kwa makusudi zile siku saba. Nazo zilikuwa zinaning'inia. "Ndani ya siku saba" tangu lini? Tangu lori lifike, tangu ukaguzi uanze, au tangu uishe? Ukikagua kwa siku tano, tofauti hiyo ni karibu wiki nzima ya pesa za watu. Kipimo cha muda kinahitaji kufungwa kwenye tukio lake, na tukio lenyewe liwe na mtendaji: "ndani ya siku saba tangu tumalize kukagua." Muuzaji mwangalifu atakuuliza mara moja mtamaliza lini, na ana haki, kwa sababu mnunuzi anaweza kukagua mwezi mzima. Kwa hiyo ongeza: "Tutayakagua ndani ya siku mbili tangu lori lifike." Sasa kila kitenzi kina mtu, na kila muda una mwanzo.

Najua kwa nini uliandika ulivyoandika. Maofisini tumefundishana kwamba "malipo yatafanyika" ni lugha ya heshima na "tutalipa" ni lugha ya sokoni. Sikubaliani na mafundisho hayo hata kidogo. Kutendwa kuna kazi yake, kwa mfano pale ambapo mtendaji hajulikani au hana umuhimu. Kwenye ahadi ya malipo, mtendaji ndiye habari yenyewe.

Hilo ndilo kosa lako. Ila ngoja nikuonyeshe ndugu yake, kwa sababu mtu wa manunuzi hukutana naye mara nyingi zaidi, na yeye ana viambishi vyote kamili, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumnasa.

Soma ombi hili: "Tafadhali tutumieni nakala ya ankara iliyogongwa muhuri." Ni nini kilichogongwa muhuri, nakala au ankara? Mhasibu wako anaweza kuwa anataka ankara halisi igongwe muhuri kwanza, kisha itolewe nakala. Au anataka nakala ambayo yenyewe imegongwa muhuri, kuthibitisha kwamba ni nakala ya kweli. Hayo ni makaratasi mawili tofauti. Ukipokea lisilo lako, malipo yanarudishwa na mhasibu, na wiki imepotea.

Sasa badilisha neno moja tu. "Nakala ya mkataba iliyogongwa muhuri." "Nakala ya mkataba uliogongwa muhuri." Utata umeyeyuka. Mkataba uko ngeli ya U-I, nakala iko I-ZI, na kirejeshi kinachagua mwenzake bila kukosea. Hii ni neema kubwa ya lugha yetu. Ngeli zinafanya kazi ya kamba: zinakifunga kivumishi au kishazi kwenye nomino yake hata kama nomino nyingine imekaa katikati.

Tatizo ni kwamba kamba hiyo inafanya kazi pale tu ambapo nomino mbili ziko ngeli tofauti. Na sasa angalia msamiati wa ofisi zetu: ankara, risiti, hundi, benki, akaunti, fomu, oda, bidhaa, kampuni, ofisi, nakala, hati, taarifa, tarehe, bei, bima. Yote I-ZI. Maneno mengi tuliyoyapokea kutoka Kiarabu na Kiingereza yaliingia humo, na biashara imejaa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo barua pepe ya kazi ni mahali ambapo ulinzi wa ngeli ni dhaifu kuliko kwenye hadithi ya bibi. "Taarifa ya benki iliyochelewa": taarifa ilichelewa au benki? "Bei ya bidhaa iliyopunguzwa": umepunguza bei, au umepunguza bidhaa yenyewe?

Kuna watu hudhani "amba-" itawaokoa. Haitawaokoa. "Nakala ya ankara ambayo imegongwa muhuri" ina utata ule ule, kwa kuwa "ambayo" inafaa kwa zote mbili. Umeongeza silabi tu.

Kinachosaidia ni vitu vichache. Cha kwanza ni kuitoa nomino moja kwenye I-ZI, kama lugha inakupa neno mbadala. Kwa bahati nzuri hapa tunalo, kwa sababu nakala ya mashine maofisini huitwa pia kivuli. "Kivuli cha ankara kilichogongwa muhuri" na "kivuli cha ankara iliyogongwa muhuri" haviwezi kuchanganywa na yeyote aliyekulia katika Kiswahili. Cha pili ni idadi. "Nakala tatu za ankara iliyogongwa muhuri" iko wazi kabisa, maana "iliyo-" ni ya umoja na nakala ni tatu. Na pale ambapo vyote viwili vimeshindikana, acha kirejeshi na uandike vitendo kwa mpangilio wake: "Igongeni ankara muhuri kwanza, kisha mtutumie nakala yake." Hii ya mwisho ndiyo ninayoitumia zaidi. Mpokeaji anaweza kuifuata huku ameshika karatasi mkononi.

Vivumishi vifupi navyo vina mtego huohuo. "Tunaomba bei ya samani za ofisi mpya." Kama mmehamia ofisi mpya na mnatafuta samani zozote, hata zilizotumika, hiyo ni sentensi moja. Kama mko ofisi ileile na mnataka samani mpya, ni nyingine. "Mpya" katika I-ZI haibadiliki, iwe umoja au wingi, kwa hiyo haimsaidii msomaji. Kisogeze kivumishi kikae ubavuni mwa nomino yake: "samani mpya za ofisi". Kama ni ofisi iliyo mpya, sema "samani za ofisi yetu mpya". Neno "yetu" ni la umoja, nalo linakivuta kivumishi upande wa ofisi.

Kwa watu hali ni ileile, kwa sababu wote wako A-WA. "Wakala wa muuzaji aliyesaini mkataba" inaweza kumaanisha kwamba aliyesaini ni wakala, au kwamba aliyesaini ni muuzaji. "Meneja alimpigia mteja simu akiwa benki" inaacha swali la nani alikuwa benki. Hapo taja cheo upya bila aibu: "Mteja alikuwa benki wakati meneja anampigia simu." Kurudia neno katika barua ya kazi si dhambi.

Halafu kuna maneno ambayo hayana kiambishi kabisa, na yanashikamana na chochote kilicho karibu. Mabaya zaidi ni ya siku na saa. Nilipoanza kazi niliwahi kumwandikia fundi wa ofisi tuliyokuwa nayo: "Mkurugenzi alisema Jumatatu atasaini hundi yako." Nilimaanisha kwamba Jumatatu iliyopita ndipo aliposema. Fundi alipanda basi, akafika Jumatatu iliyofuata saa mbili asubuhi, na mkurugenzi alikuwa safarini. Niliumia sana, kwa sababu nauli ilikuwa yake na kosa lilikuwa langu. "Jumatatu" ilikaa katikati ya vitenzi viwili, "alisema" na "atasaini", na haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha ni ya kipi. Tangu siku hiyo naitumia "kwamba" kama ukuta. "Alisema Jumatatu kwamba atasaini" ni jambo moja. "Alisema kwamba Jumatatu atasaini" ni jingine. Na ikiwa siku yenyewe ni ya baadaye, weka tarehe.

Neno "tu" pia lina tabia hiyo. Hufuata kile linachokibana. "Punguzo la asilimia 5 ni kwa wateja wanaolipa taslimu mwezi huu tu." Je, unabana mwezi, kwamba ofa inaisha tarehe 30, au unabana taslimu, kwamba wa mkopo hawamo? Ukitaka mwezi, upeleke mbele pamoja na "tu" yake: "Mwezi huu tu, wateja wanaolipa taslimu watapata punguzo." Ukitaka taslimu: "Mwezi huu punguzo ni kwa wanaolipa taslimu tu."

Usidhani haya huwapata wanaoandika kwa haraka peke yao. Huko Kanada kampuni mbili, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Kifungu kimoja kilisema mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo utaendelea kwa vipindi vingine vya miaka mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Ile "isipokuwa" ilifungwa wapi? Ilihusu vipindi vya nyongeza peke yake, au hata miaka mitano ya kwanza? Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, CRTC, ilitazama mkato uliokuwa kabla ya neno hilo ikaamua kwamba inahusu vyote, kwa hiyo Aliant ingeweza kujitoa mapema. Mwaka 2007 tume hiyohiyo ikageuza uamuzi, na kilichoigeuza ni nakala ya Kifaransa ya kifungu hicho, ambayo ilikuwa na maana moja tu.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinatoa kipimo ambacho unaweza kukitumia kesho. Kabla ya kutuma sentensi yenye pesa ndani yake, jaribu kuisema kwa lugha nyingine unayoijua, iwe Kiingereza au Kisukuma. Ukifika mahali ukalazimika kuchagua nani, kipi au lini, na sentensi yako ya Kiswahili haikukusaidia kuchagua, umepata pale ambapo mpokeaji naye atachagua bila kukuuliza. Kuisoma mara kumi kwa lugha ileile hakusaidii, kama ulivyoona, kwa sababu kila mara unaisoma ukiwa tayari unajua ulichokusudia.

Sasa shauri lako lenyewe. Kabla ya kujibu, fungua oda ya ununuzi na barua zote zilizotangulia. Kama popote imeandikwa kwamba ukaguzi ni wa mnunuzi, au kwamba mzigo unapokelewa Mwanza, mwonyeshe hapo kwa adabu, maana sentensi yenye utata husomwa pamoja na jirani zake. Kama hakuna kitu, usimwandikie kwamba "tulishasema". Hamkusema. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, ipo kanuni kwamba utata usiotatulika kwa njia nyingine husomwa dhidi ya upande ulioandika maneno hayo. Mwandishi hapa ni wewe. Ikifika kwenye mabishano makubwa mwachie mwanasheria, lakini kwa sasa naona bado mnaweza kuelewana. Mimi ningeandika hivi, baada ya bosi kukubali viwango:

"Katika barua yetu iliyopita hatukutaja nani atakayekagua mabati. Sisi tulikusudia kuyakagua wenyewe yakishafika ghalani kwetu Mwanza, na tunaelewa kwamba nyinyi mlisoma kuwa ni ukaguzi wenu wa kabla ya kupakia. Tunapendekeza tuwatumie asilimia 20 wiki hii. Lori likifika Mwanza tutayakagua mabati siku hiyohiyo, na asilimia 40 tutawatumia ndani ya siku tatu za kazi tangu tumalize kukagua. Tukikuta upungufu tutawaandikia kabla ya dereva kuondoka."

Sentensi hiyo ya mwisho ina "ku-" moja, "kabla ya dereva kuondoka". Imeruhusiwa, kwa sababu anayeondoka ametajwa.